Jinsi ya kuondoa jaa la mtaani bila kuhamishia nzi, panya na kipindupindu nyumbani

Mambo huwa hivi. Wapangaji wanachanga, wanakodi mkokoteni, na Jumamosi moja jaa lililokaa kando ya ploti linazolewa lote. Wiki haijaisha, panya wanakimbizana darini na nzi wamejaa jikoni kuliko hapo awali. Mvua ikinyesha, watoto wawili watatu wanaanza kuhara. Watu wanaamua kwamba kusafisha ni kazi bure, na jaa linarudi palepale.

Tatizo haliko katika kuzoa. Liko katika mpangilio wa kazi. Nilimpelekea maswali ya wasomaji afisa wa afya ya umma anayefanya kazi mashariki mwa Nairobi, mtu ambaye wakazi humwita "daktari" popote anapopita. Majibu yake nimeyapanga kwa hatua. Mfano tutakaoufuata ni wa ploti ya milango 20 huko Mathare, yenye jaa la wiki mbili kando ya mtaro.

## Vifaa vya kuandaa

Tuseme kila mlango una watu watatu. Hao ni watu 60, na mkazi wa Nairobi hutupa takriban nusu kilo ya taka kwa siku. Ploti hiyo basi hutoa kilo 30 kila siku, na nusu yake au zaidi ni mabaki ya jikoni. Wiki mbili ni kilo 420. Gunia la mahindi likijazwa taka mbichi hadi juu halibebeki, kwa hiyo hesabu kilo 25 kwa gunia, kisha ongeza magunia ya udongo.

- Magunia 17 ya taka, mengine ya udongo kulingana na ukubwa wa jaa, na kamba za kufungia
- Sepetu mbili, reki na jembe
- Glavu nzito za mpira, gamubuti na barakoa kwa kila anayezoa
- Sumu ya panya ya vipande vya nta, yenye lebo na nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu Waharibifu (PCPB)
- Vipande vya bomba pana la plastiki na waya wa kufungia
- Magazeti ya zamani
- Nusu mfuko wa simiti, mchanga, na wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6
- Jik, sabuni ya unga na dawa ya kutibu maji ya kunywa
- Ndoo zenye mifuniko inayobana, angalau moja kwa kila milango miwili
- Mkokoteni au lori, pamoja na mahali halali pa kupeleka taka

Hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Mkokoteni usio na pa kwenda humwaga mzigo mtoni usiku. Uliza kwanza ofisi ya wadi mahali panapokubaliwa, au tafuta mzoaji mwenye leseni ya NEMA na umwombe akuonyeshe leseni hiyo.

Kazi yote huchukua wiki mbili kabla ya siku ya kuzoa. Ukiona ni ndefu, soma hatua ya 3 kwanza.

## Hatua ya 1: Linda maji kabla ya kugusa jaa

Daktari, kipindupindu kinaletwa na nzi wa jalalani, sivyo?

"Nzi ana mkono wake, lakini njia kuu ni maji na chakula. Kipindupindu hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa. Takataka za kawaida, kama maganda ya viazi na makaratasi, hazina kipindupindu. Hatari ni kwamba katika jaa la Nairobi kuna pampasi, na kuna mifuko ya kinyesi iliyotupwa usiku na watu wasio na choo karibu. Mvua inakiosha kinyesi hicho na kukipeleka mtaroni. Mtaro nao umezibwa na taka zilezile, maji yanapanda, na mipira ya maji ya kunywa imepita humo humo."

Hapa akanieleza jambo ambalo wengi hawalijui. Maji ya bomba yanapokuwa na nguvu, tundu dogo kwenye mpira hutoa maji nje. Mgao ukifika na maji yakikatwa, mpira unabaki mtupu na ile nguvu inageuka: uchafu wa mtaroni unavutwa ndani kupitia tundu hilo hilo. Maji yakirudi, bakuli la kwanza linalojazwa ndilo chafu zaidi. Viungo vilivyofungwa kwa raba ya tyubu ndivyo mlango mkubwa wa uchafu huo.

Ukianza kuchokonoa jaa kabla ya kushughulikia mipira hiyo, unaongeza uchafu mtaroni katika siku ambayo hujajikinga. Kwa hiyo, siku ya kwanza:

Fuata mpira wa maji kutoka kwenye mita hadi kwenye mfereji wa ploti. Popote unapogusa mtaro, uinue na uufunge ukutani. Viungo vya raba vibadilishwe kwa viungio vya plastiki na klipu. Panapovuja, kata na uunge upya.

Maji yakirudi baada ya mgao, yaache yatoke kwa dakika chache. Yapokee kwenye ndoo ya kuoshea choo, usiyamwage bure. Ndipo ujaze mitungi ya kunywa.

Tibu maji ya kunywa kila mtungi. Tumia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kwa lita 20, tikisa, na ungoje dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope humaliza nguvu ya klorini. Asiye na dawa achemshe hadi yatokote kabisa.

Mafanikio yanaonekana hivi: hakuna mpira unaogusa maji ya mtaro, na mtungi uliotibiwa ukiufungua baada ya nusu saa una harufu hafifu ya klorini. Ukikosa harufu yoyote, kipimo hakikutosha.

Na nzi je, tumpuuze?

"Hapana. Nzi anatua kwenye kinyesi, kisha anatua kwenye githeri yako. Vijidudu alivyobeba miguuni kwa kawaida ni vichache mno kumwangusha mtu mzima mwenye afya. Lakini githeri ikikaa sufuriani tangu saa sita mchana hadi jioni bila kufunikwa, wale wachache wanazaana. Kwa hiyo kosa la nzi linakamilishwa na sisi. Funika chakula, na kilicholala kipashwe moto hadi kitoe mvuke katikati. Kachumbari na matunda yaliyokatwa hayapashwi moto, basi yaliwe papo hapo au yasinunuliwe kibandani kilicho karibu na jaa."

## Hatua ya 2: Sitisha chakula kipya na uwahesabu nzi

Kuanzia siku hiyo hiyo, mabaki ya jikoni yasiende jaani tena. Yaingie kwenye ndoo zenye mifuniko na zitolewe mara mbili kwa wiki. Taka kavu zifungwe kando. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka tayari inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, kwa hiyo hufanyi kitu cha ziada.

Sababu ni panya. Panya mwenye ugali na ndizi mbivu hana haja ya kuonja sumu.

Kisha hesabu nzi. Chukua kipande cha ubao chenye mbavu, hata sehemu ya kreti ya mboga, ukilaze pale nzi walipo wengi. Hesabu wanaotua kwa sekunde 30. Rudia mara kumi, chukua hesabu tano za juu na utafute wastani wake. Andika nambari hiyo pamoja na saa, maana utaihitaji baadaye. Fanya hivyo mchana. Asubuhi ya Nairobi ni baridi na nzi huwa wamezubaa, kwa hiyo hesabu ya alfajiri itakudanganya.

## Hatua ya 3: Maliza panya kabla ya kuwaondolea makao

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia.

Kwa nini tusizoe kwanza, panya wakimbie wenyewe?

"Watakimbilia wapi? Panya wengi huishi maisha yao ndani ya makumi machache ya mita. Ukiondoa jaa leo, kesho wanahitaji chakula na pa kulala, na kitu kilicho karibu zaidi ni nyumba yako. Jike hubeba mimba wiki tatu tu na huzaa watoto sita hadi kumi na wawili. Umehamisha kijiji kizima hadi kwenye dari lako."

Na panya wanaleta kipindupindu?

"Watu hunishangaa nikisema hapana. Panya ana magonjwa yake. Mkojo wake una vijidudu vya leptospirosisi, ambavyo huingia kupitia vidonda miguuni mtu akitembea kwenye maji ya mtaro. Mtu anapata homa kali, misuli ya miguu inauma, pengine macho yanageuka manjano, na wengi hudhani ni malaria. Kuhusu kipindupindu, kosa la panya ni kutafuna mpira wa maji. Anafungua lile tundu tulilolisema."

Utaratibu wa kutega ni huu.

Jioni, ziba kila shimo unaloliona kwa gazeti lililofinyangwa. Asubuhi ya pili angalia. Gazeti likisukumwa nje, shimo lina wenyewe. Lisipoguswa kwa siku mbili, ni hame. Tazama pia kinyesi: kipya ni cheusi, laini na kinang'aa, cha zamani ni cha kijivu na huvunjika ukikigusa kwa kijiti.

Weka sumu kwenye mashimo hai na kando ya kuta wanapopita, kwa maana panya hupenda kutembea akigusa ukuta. Kipande cha nta kifungwe kwa waya ndani ya bomba la plastiki, ili mtoto, paka au kuku asikifikie na panya asikibebe. Idadi ya vipande na umbali kati ya vituo vimeandikwa kwenye lebo.

Usitarajie chochote siku ya kwanza. Panya huogopa kitu kipya na anaweza kukikwepa kwa siku kadhaa. Akishakula, sumu hii huzuia damu isigande na humuua baada ya siku tatu hadi saba. Ucheleweshaji huo una faida: wenzake hawaiunganishi na chakula. Kagua kila baada ya siku mbili, na uweke kipya palipoliwa.

Tahadhari. Zile pakiti ndogo zisizo na jina zinazouzwa kwa kipaza sauti mtaani usiziguse. Hujui kilichomo, na daktari wa hospitali hatajua pia mtoto akimeza. Dawa yenye lebo ya aina hii hutibiwa kwa vitamini K hospitalini, kwa hiyo mtu akimeza, nenda mara moja na pakiti mkononi hata kama haumwi. Mizoga iokotwe kwa glavu, ifungwe kwenye mfuko na izikwe kina cha nusu mita, mbali na maji.

Mafanikio: sumu haijaliwa kwa ukaguzi miwili mfululizo, hakuna kinyesi kipya, na magazeti yamebaki mashimoni. Kwa kawaida ni wiki mbili hivi. Kama bado inaliwa, ahirisha kuzoa, hata kama mkokoteni umeshalipiwa. Najua uchungu wa kulipia mkokoteni mara mbili, lakini dari lenye panya litakugharimu zaidi.

## Hatua ya 4: Zoa jaa pamoja na udongo wake

Chagua siku kavu, nje ya masika na vuli kama unaweza. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nzi wakiwa bado wazito.

Tulizoa tukafagia kabisa, na nzi wakaongezeka. Walitoka wapi?

"Ardhini. Nzi hutaga mayai mia moja hivi kwa mara moja kwenye kitu kinachooza. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na mabuu hula kwa siku nne hadi saba kukiwa na joto. Jaa lina joto lake ndani, hata Julai ile ya baridi. Buu likishiba linaacha unyevu na kutambaa mita kadhaa kutafuta udongo mkavu. Linajichimbia chini kidogo na kugeuka pupa. Wewe unafagia juu, wao wako chini wanangoja siku chache watoke na mabawa."

Kwa hiyo zoa kwa mpangilio. Anzia pembeni uelekee katikati, ukijaza magunia hadi nusu na kuyafunga papo hapo. Pampasi na mifuko ya kinyesi iwe na gunia lake, na abebaye hilo asishike kingine. Usikanyage mifuko, kwani chupa zilizovunjika na sindano hujificha humo.

Jaa likiisha, kazi haijaisha. Kwangua udongo wa juu, kina cha sentimita 10, mahali lilipokuwa na mita moja zaidi kuzunguka. Chota udongo huo kwenye magunia. Ukiona vidude vigumu vya kahawia, urefu wa milimita 6 hivi, hao ndio pupa. Wanapokuwa wengi, panua mduara. Kisha shindilia ardhi kwa nguvu, maana nzi mchanga hupenya udongo uliolegea kwa urahisi kuliko ulioshindiliwa.

Mtu mmoja wa ploti aandamane na mkokoteni safari ya kwanza hadi mzigo unapomwagwa.

Tukichoma je? Ni haraka zaidi.

"Moto unachoma juu. Mabuu yanajichimbia, panya wanakimbilia nyumbani, makopo ya dawa ya kupuliza yanalipuka, na moshi wa plastiki unabaki vifuani mwa watoto. Kumwaga Jik juu ya jaa nako ni kupoteza pesa. Klorini inakutana na uchafu mwingi na inaisha kabla ya kufanya kazi. Dawa ya kupuliza nzi inaua waliotua juu, na walio chini wanatoka kesho."

Klorini ina kazi baada ya uchafu kuondoka. Panapokuwa na kinyesi, safisha kwanza kwa sabuni na maji, kisha mwagia Jik ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, na uache dakika kumi au zaidi. Sepetu na gamubuti zipitie hapo pia. Usichanganye Jik na dawa nyingine ya choo. Hutoa gesi inayochoma mapafu.

## Hatua ya 5: Fungua mtaro na uzibe mashimo

Toa taka mtaroni ukianzia upande wa chini, maji yanakoelekea, ili kila unachofungua kiwe na njia. Tope usiliache ukingoni, kwa sababu mvua ya kwanza italirudisha ndani. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha Mathare maji yasiyo na njia hupita wapi.

Mashimo ya panya yajazwe wavu wa chuma uliokunjwa, kisha simiti juu. Simiti peke yake, ikiwa bado mbichi, hutafunwa usiku huo huo. Panya mchanga hupenya tundu la sentimita moja na kidogo, kwa hiyo angalia pia chini ya milango na pale bomba linapoingia ukutani.

## Hatua ya 6: Ratiba isiyozidi siku nne

Rudi kwenye hesabu ya buu. Likianguliwa leo, linaweza kuwa tayari kuondoka baada ya siku nne au tano. Anayezoa taka mara moja kwa wiki anawapa nzi muda wa kutosha kula, kushiba na kuhama. Ndiyo maana ploti zinazolipa mzoaji kila Jumamosi bado zina nzi, na wapangaji wanamlaumu mzoaji.

Mabaki ya jikoni yatolewe mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumamosi. Taka kavu zinaweza kungoja wiki. Wapangaji wakishindwa kulipia mara mbili kwa kila kitu, walipie mara mbili kwa ndoo za jikoni tu. Katika ploti yetu hizo ni kilo 15 kwa siku, kati ya kilo 45 na 60 kwa kila safari, mzigo wa kijana mmoja mwenye mkokoteni.

Pipa la pamoja likitumika, liwe na mfuniko na likae juu ya mawe. Pipa zima la chuma huibiwa Nairobi, kwa hiyo litoboe chini matundu madogo ya msumari: halitafaa kuwekea maji, na unyevu utatoka.

## Hatua ya 7: Kagua baada ya wiki mbili, na tena baada ya nne

Hesabu nzi kwa ubao uleule, mahali palepale, saa ileile. Wiki ya kwanza huenda wasipungue sana, kwa kuwa waliokwisha kuruka bado wako hai. Kufikia wiki ya nne hesabu inapaswa kuwa imeshuka sana. Ikikwama, kuna chanzo kingine karibu: choo kisicho na mfuniko, banda la kuku, au jaa la ploti ya jirani. Magazeti yarudishwe kwenye mashimo yoyote mapya.

Mtu akianza kuhara katikati ya kazi hii?

"Kuhara majimaji meupe kama maji yaliyooshea mchele, mara nyingi na kutapika, usingoje kesho. Mtu mzima anaweza kufa kwa kukauka maji ndani ya saa chache. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti mara moja. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, na aendelee kunywa njiani kuelekea kituo cha afya. Akitapika, ngoja dakika kumi, mpe tena polepole. Nguo zake zisifuliwe kwenye mfereji wa ploti. Na mhamasishaji wa afya wa eneo aambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mgonjwa mmoja ndiye anayetuwezesha kufunga chanzo cha maji kabla ya wa kumi."

Mwenye ploti akikataa kuchangia?

"Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, inahesabu taka zinazohatarisha afya kuwa kero, na afisa anaweza kumpa mwenye mali notisi ya kuiondoa kwa muda uliowekwa. Akipuuza, anafikishwa mahakamani. Lakini ukija ofisini kwangu kusema tu 'kuna uchafu', sina pa kuanzia. Njoo na nambari ya ploti, jina la anayepokea kodi, picha zenye tarehe, ile hesabu ya nzi, na idadi ya waliohara mwezi huo. Wapangaji watano wakiweka sahihi, naandika notisi bila kusumbuliwa na maswali."